Grafu yasema asilimia 40 ya darasa langu wako "Mbali na matarajio". Mimi nawajua watoto hawa, sikubali

Mwalimu_wa_Barani

Wadau, salaam. Nafundisha hesabu Gredi ya 7 hapa Malindi. Tumemaliza mtihani wa muhula wa pili, karatasi ya alama 70, na mkuu wa shule ametaka kila somo lipeleke grafu moja kwenye mkutano wa wazazi Ijumaa. Hataki orodha ya majina. Anataka nguzo moja iliyogawanywa vipande, kila kipande ni ngazi: Kuzidisha matarajio, Kufikia, Kukaribia, na Mbali na matarajio.

Mipaka yetu ni 75, 41 na 21 kwa mia, yaani zile ngazi nane za KNEC tumeziunganisha mbilimbili. Darasa lina watoto 64, wanne hawakufanya, waliofanya ni 60. Alama ziko safu ya C, asilimia safu ya D. Nikahesabu hivi:

```
=COUNTIF(D2:D65,">=75")    6
=COUNTIF(D2:D65,">=41")    33
=COUNTIF(D2:D65,">=21")    51
=COUNTIF(D2:D65,">0")      60
```

Nikazipaka rangi namba zile nne, nikachagua `100% Stacked Column`, nikabonyeza `Switch Row/Column`, nguzo ikatoka safi kabisa. Kuzidisha 4%, Kufikia 22%, Kukaribia 34%, Mbali 40%. Mkuu alipoiona akanyamaza, kisha akaniuliza muhula mzima nilikuwa nafundisha nini. Nimesahihisha karatasi hizi kwa mkono wangu. Sikumbuki watoto 24 waliokuwa hoi namna hiyo. Kosa liko wapi?

Mstaafu_Gede

Pole mwalimu. Enzi zetu za KCPE tulipeleka wastani wa somo, mambo yakaisha. Mzazi akiambiwa 51.3 anaelewa. Hizi nguzo za rangi ni za kupendezesha ukuta.

Kijana_wa_Maweni

Mwalimu, kosa lako nimeliona. Unahesabu kuanzia mpaka kwenda juu bila kuweka kikomo. Mtoto wa 80 amezidi 75, lakini pia amezidi 41 na amezidi 21. Weka vikomo viwili kila ngazi:

```
=COUNTIFS(D2:D65,">=41",D2:D65,"<=74")
```

Fanya hivyo kwa ngazi zote, utapata majibu.

Mizani_ya_Shaba

Kijana ameuona ugonjwa, ila dawa aliyotoa ina sumu kidogo. Nitairudia. Kwanza tumalize la mwalimu.

Namba zako nne si makosa. Watoto 6 wamefika 75 au zaidi. Watoto 33 wamefika 41 au zaidi, na ndani ya hao 33 wamo wale 6. Watoto 51 wamefika 21 au zaidi, na ndani yao wamo wote 33. Kila hesabu imeimeza ile iliyotangulia. Kosa limeingia pale ulipozipandisha moja juu ya nyingine kama matofali, kwa sababu nguzo ya vipande inataka kila mtoto aonekane mara moja tu.

Zijumlishe: 6 na 33 na 51 na 60 ni 150. Darasa lako la watoto 60 limekuwa la watoto 150. Mtoto wako bora kuliko wote amehesabiwa mara nne, na mara ya nne amehesabiwa ndani ya "Mbali na matarajio".

Ungechagua `Stacked Column` ya kawaida, nguzo ingepanda hadi 150 na ungeshtuka papo hapo. Hii ya mia kwa mia inachukua chochote ulichoilisha, inakibana kiwe 100, na kosa linajificha. 60 kati ya 150 ndiyo hiyo 40% iliyomnyamazisha mkuu wako.

Dawa ni kutoa. Usiguse hesabu zako, ongeza safu ya pili:

```
F2  =COUNTIF(C2:C65,">=53")     G2  =F2
F3  =COUNTIF(C2:C65,">=29")     G3  =F3-F2
F4  =COUNTIF(C2:C65,">=15")     G4  =F4-F3
F5  =COUNT(C2:C65)              G5  =F5-F4
```

Grafu ichore safu ya G, wala si F. Utapata 6, 27, 18, 9. Jumla 60. Kwa mia ni 10, 45, 30 na 15. Walio mbali ni watoto tisa.

Mwalimu_wa_Barani

Tisa! Hao naweza kukutajia kwa majina sasa hivi. Ahsante sana ndugu yangu, umeniondolea jiwe kifuani.

Lakini mbona umehamia safu ya C, na hizo 53, 29 na 15 umezitoa wapi?

Kijana_wa_Maweni

Na mimi nangoja kuambiwa sumu yangu iko wapi. COUNTIFS naitumia kila siku kazini.

Mizani_ya_Shaba

Kijana, usikasirike. Mwambie mwalimu ajaribu fomula zako kwenye data yake kisha ajumlishe ngazi zote nne. Tuone kama inatoka 60.

Mwalimu_wa_Barani

Nimejaribu. Nimepata 6, 24, 18 na 9. Jumla 57. Watatu wamepotea!

Mizani_ya_Shaba

Watafute waliopata 52 kati ya 70. Naamini ni hao watatu.

52 gawanya kwa 70 ni 74.29 kwa mia. Kijana amesema Kufikia iishie 74 na Kuzidisha ianzie 75. Huyu wa 74.29 amepita 74 na hajafika 75, akaanguka kwenye ufa katikati. Kwenye karatasi ya ripoti tunaandika "41 hadi 74" na "75 hadi 100" kana kwamba alama zote ni namba kamili, na macho hayaoni ufa kwa sababu shiti huonyesha 74 tu, desimali zimefichwa. Fomula yenyewe inaiona 74.29.

COUNTIFS yenyewe haina ubaya. Andika `"<75"` badala ya `"<=74"`, ufa unazibika. Mimi napendelea kuhesabu kuanzia mpaka kwenda juu halafu kutoa, kwa kuwa kila mpaka unaandikwa mara moja tu. Ukiandikwa mara mbili, siku moja utabadilisha pale na kusahau hapa.

Kuhusu 53, 29 na 15: nimeupeleka mpaka kwenye alama za karatasi badala ya kuzipeleka alama kwenye asilimia. 75 kwa mia ya 70 ni 52.5, kwa hiyo alama ya kwanza inayovuka ni 53. 41 kwa mia ni 28.7, inayovuka ni 29. 21 kwa mia ni 14.7, inayovuka ni 15. Hapo unahesabu alama ulizozitoa kwa kalamu nyekundu, desimali hazina pa kuingilia. Ukitoa nusu alama, bado mipaka hiyo utaiangalia upya, 52.5 inafika 75 kamili.

Mwalimu_wa_Barani

Ni hao kweli. Watatu wote 52. Sitoi nusu alama.

Bint_Faza

Assalam aleikum jamani. Mimi niko Faza huku Pate, nawasoma tu tangu mwanzo. Shule yangu ni ndogo, darasa lina watoto 18. Siku ya mtihani watatu hawakuja, wameenda baharini na baba zao, bahari ilikuwa imetulia na mtu haachi siku kama hiyo. Mimi nimeziacha seli zao tupu kwenye safu ya alama, nikaburuta fomula ya asilimia mpaka chini. Sasa Mbali na matarajio nimepata watoto 7, na mimi kwa kuwasahihisha najua ni 4. Hao watatu wameingiaje?

Mizani_ya_Shaba

Dada, hilo ndilo lililonifanya nimhamishe mwalimu atoke safu ya asilimia. Seli tupu ya alama ukiigawa kwa 70, shiti haikuambii hakuna kitu. Inakuandikia 0. Yule aliyeko baharini amekuwa mtoto aliyekaa darasani akapata sufuri, na `"<21"` imemzoa.

Mwalimu wa Barani aliponea kwa bahati kwa sababu aliandika `">0"`. Lakini bahati hiyo ina upande wa pili: mtoto aliyekaa, akajaribu, akapata sufuri ya kweli, naye angefutwa.

Kwenye alama zenyewe `COUNT` inahesabu seli zenye namba tu. Tupu inaachwa, na ukiandika herufi X pia inaachwa, na sufuri ya kweli inahesabiwa. Andika X, ili mwenzako akifungua shiti asidhani ulisahau.

Pia jihadhari na kutoa kutoka kwenye rejista. Mwalimu angechukua 64 akatoa 51, Mbali ingekuwa 13, wanne wakiwa ni watoro. Na asilimia ya ngazi zote ingebadilika, maana anagawia 64 badala ya 60.

Bint_Faza

Nimefahamu. Sasa ni 15 waliofanya, 4 Mbali, 6 Kukaribia, 4 Kufikia, 1 Kuzidisha. Kwa mia nimepata 26.7, 40, 26.7 na 6.7. Nikiondoa desimali napata 27, 40, 27 na 7, jumla 101. Mwenyekiti wetu wa wazazi alikuwa karani bandarini, ataijumlisha, na ataniuliza mbele ya watu.

Mizani_ya_Shaba

Kwa watoto 15 mimi nisingeandika asilimia hata kidogo. Mtoto mmoja kwako ni karibu asilimia 7. Muhula ujao wawili wakivuka, utasikia "tumepanda asilimia 13" na ni watoto wawili wa nyumba mbili. Andika hesabu ndani ya vipande: 4, 6, 4, 1. Urefu wa kipande utaonyesha sehemu, namba itaonyesha watu, na karani wako atapata 15.

Mwalimu wa Barani pia aandike chini ya nguzo "waliofanya 60, hawakufanya 4". Wale wanne wasifutike kabisa.

Baba_Swabra

Mimi ni mzazi, mvuvi wa Mayungu, nimeletwa humu na shemeji. Tulipewa grafu kama hiyo muhula uliopita shuleni kwa binti yangu. Nguzo ilikuwa na vipande, chini nyekundu, juu kijani, na kando namba 0 hadi 100. Kipande cha Kufikia kilikuwa kinafika 90. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama yake, asilimia 90 ya darasa wamefikia, mbona wetu hakufikia? Mtoto alilia. Ndiyo nauliza, nilisoma sawa au vipi?

Mwalimu_wa_Barani

Baba Swabra, hapana, hukusoma sawa, lakini kosa si lako. Kipande kinaanzia pale cha chini yake kilipoishia. Kwenye grafu yangu mpya Mbali inaishia 15, Kukaribia inaishia 45, Kufikia inaishia 90. Kwa hiyo Kufikia yenyewe ni kutoka 45 hadi 90, yaani 45. Ile yenu siijui ilianzia wapi.

Baba_Swabra

Kumbe. Na ni nani atanikalia mkutanoni anifundishe kutoa 45 kwenye 90? Na binti yangu mimi alipata 38, yeye yuko wapi kwenye nguzo?

Mizani_ya_Shaba

Baba, 38 kwa mipaka hiyo ya 41 na 21 ni Kukaribia, na amebakiza alama chache avuke. Nguzo haikuonyeshi hilo. Wa 38 na wa 22 wamelala kitanda kimoja.

Na umegusa udhaifu wa kweli wa nguzo hizi. Kipande cha chini kabisa ndicho pekee unachoweza kukisoma moja kwa moja kwenye namba za kando. Vya katikati vinaelea. Ndiyo maana napenda kuilaza nguzo na kuweka mstari wa kati pale Kufikia inapoanzia: Kukaribia na Mbali zinaelekea kushoto, Kufikia na Kuzidisha zinaelekea kulia. Kwa mwalimu wa Barani itakuwa 45 kushoto na 55 kulia, mzazi anaona upande gani mrefu. Kama hiyo ni kazi nyingi, angalau namba ziandikwe ndani ya vipande, na zile za kando zifutwe kabisa.

Kijana_wa_Maweni

Rangi pia. Nyekundu na kijani zikipita kwenye mashine ya fotokopi zinatoka kijivu kilekile. Tumia rangi moja, kutoka nyepesi hadi nzito.

Mwalimu_wa_Barani

Wadau, nimerudi. Grafu mpya mkuu ameifurahia mno, na hapo ndipo tatizo jipya limezaliwa. Muhula wa kwanza waliofika Kufikia na kupanda juu walikuwa 27 kati ya 60. Sasa ni 33. Anataka nguzo mbili zikae bega kwa bega na maneno "Tumepanda kutoka 45% hadi 55%". Nami nafurahi, kwa nini nisifurahi.

Mizani_ya_Shaba

Kabla hujafurahi, niambie: muhula huu ni wangapi wamepata 29 au 30 kamili?

Mwalimu_wa_Barani

29 ni wanne. 30 ni watatu. Saba.

Mizani_ya_Shaba

Basi kama mpaka ungekuwa alama mbili juu, 31 badala ya 29, waliofika wangekuwa 26. Mmoja pungufu ya muhula wa kwanza. Hizo asilimia kumi zimesimama juu ya alama mbili za karatasi moja. Swali moja jepesi la alama mbili linatosha kuwavusha watu saba waliokuwa wamejazana mlangoni.

Sisemi hawajaboreka. Nasema kuhesabu waliovuka mpaka kunaona tu wanaotembea karibu na mpaka. Una watoto tisa huko chini. Kama mmoja wao alitoka alama 4 akafika 13, amefanya kazi kubwa kuliko hao saba pengine, na kwenye nguzo hajasogea hata unywele, kwa sababu bado hajafika 15.

Mwalimu_wa_Barani

Yupo huyo. Alikuwa na 5, sasa 14. Mama yake huja kila wiki kuuliza.

Mstaafu_Gede

Si niliwaambia? Wastani ungemuona. Zile alama tisa zake zingeingia kwenye jumla kama za mtu mwingine yeyote.

Mizani_ya_Shaba

Hapo mzee nakupa haki yako, wastani ungemuona. Ila wastani usingemwambia mkuu kwamba kuna watoto tisa hawajafika hata mpaka wa kwanza. Wenye alama za juu wangewafunika. Viwekwe vyote viwili, nguzo na wastani chini yake.

Mstaafu_Gede

Wazazi wakipewa namba mbili watasoma ile inayowafurahisha. Mimi nimekaa mikutano ya wazazi tangu kabla hujazaliwa, kijana wangu.

Kijana_wa_Maweni

Mimi sielewi kitu kimoja. Karatasi ya muhula wa kwanza na ya pili si moja. Mada tofauti, ugumu tofauti. Mpaka wa 41 wa karatasi nyepesi na wa 41 wa karatasi ngumu ni mpaka mmoja kweli? Kama sivyo, hizo nguzo mbili zisikae pamoja kabisa.

Mizani_ya_Shaba

Sasa Kijana umenishika pabaya. Kwenye baadhi ya mitihani mikubwa huwekwa maswali kadhaa yaleyale kwenye karatasi zote mbili, ili kupima kama ugumu umebadilika, na mpaka unasogezwa kulingana na hilo. Sisi shuleni hatufanyi. Mwalimu, kuna swali lolote ulilolirudia?

Mwalimu_wa_Barani

Matano, ya sehemu na desimali. Niliyarudia kwa uvivu, si kwa utaalamu.

Mizani_ya_Shaba

Uvivu wenye baraka. Hesabu ni wangapi waliyapata muhula wa kwanza na wangapi sasa. Wakiwa wameongezeka, maneno ya mkuu yana mguu wa kusimamia, kwa mada hiyo walau. Wakiwa walewale, karatasi yako ya pili huenda ilikuwa nyepesi.

Kijana_wa_Maweni

Au wameyakariri, maana waliyaona.

Mizani_ya_Shaba

Au wameyakariri, ndiyo. Matano ni machache pia. Mimi ningeweka nguzo moja tu Ijumaa.

Bint_Faza

Mimi ningeziweka mbili, nikaandika chini kuwa karatasi ni mbalimbali. Wazazi wa huku hawaji mkutano mara mbili. Ukiwaficha ya muhula wa kwanza watakuuliza mbona umeificha.

Mwalimu_wa_Barani

Nimetoka kwa mkuu sasa hivi. Amekubali namba ndani ya vipande na "hawakufanya 4" chini. Nguzo mbili hajaziacha, lakini maneno "tumepanda" ameyafuta kwa kalamu, amesema niyaeleze kwa mdomo. Kisha akaiona ile orodha ya wale watatu wa 52, akaniambia, "Hawa wamebakiza nusu alama tu, wape, Kuzidisha iwe tisa." Nimemwambia nitafikiri. Mngefanyaje nyinyi?

Mstaafu_Gede

Wape. Watoto ni watatu tu.

Kijana_wa_Maweni

Na wa 28 nao uwape? Wako wangapi?

Mwalimu_wa_Barani

Wa 28 ni watano.

Baba_Swabra

Na wa 38 wangu?